Riba ikipanda, nani analipa? Somo la mkopo wa nyumba kwa wakazi wa Pwani Kusini

Wengi wetu tunaolipa mkopo kwa simu hukumbuka namba mbili tu: namba ya akaunti na kiasi cha kutuma kila mwezi. Mwezi ukifika tunaweka kiasi, tunabonyeza, tunasubiri ujumbe wa uthibitisho, mambo yameisha. Kwa mkopo wa miezi sita huenda ikatosha. Lakini mkopo wa nyumba ni wa miaka 15 au 20, na ndani ya muda huo ile namba ya pili inaweza kubadilika mara nyingi bila wewe kukopa hata shilingi moja zaidi.

Inabadilika au haibadiliki? Jibu liko kwenye mkataba, katika sentensi moja au mbili zinazosema riba ni ya kudumu au ni inayobadilika. Katika somo hili tutafuata majirani wawili, tuone sentensi hizo zinawafanyia nini. Majirani wenyewe ni wa kubuni na mikataba yao tumeifanya iwe rahisi. Mabadiliko ya riba ya Benki Kuu ni ya kweli, na hesabu unaweza kuzirudia mwenyewe.

Majirani wawili, deni moja

Wa kwanza ni mpishi katika hoteli moja ya Diani. Wa pili ni nesi anayefanya kazi Msambweni. Januari 2022 kila mmoja alikopa Sh3,000,000 kumalizia nyumba, kulipa kwa miaka 15, yaani marejesho 180. Wote wawili waliweka hatimiliki ya kiwanja rehani.

Mpishi alichukua riba inayobadilika. Mkataba wake ulisema riba ni CBR, yaani kiwango cha riba cha Benki Kuu ya Kenya, ukiongeza pointi 5. Wakati huo CBR ilikuwa asilimia 7. Riba yake basi ilianza kwa asilimia 12, na rejesho lake la mwezi likawa Sh36,005.

Nesi alichukua riba ya kudumu ya asilimia 13.5 kwa miaka yote 15. Rejesho lake likawa Sh38,950.

Mpishi alimcheka jirani yake. "Sasa dada, mbona umekubali kulipa karibu elfu tatu zaidi kila mwezi kwa deni lile lile?" Swali lake ni zuri, na siku ile hesabu ilikuwa upande wake. Lakini zile Sh2,945 za ziada nesi hakuzitupa. Alikuwa ananunua kitu ambacho mpishi hakukinunua, nacho ni haki ya kutojali CBR inaenda wapi.

Kwa nini riba ya kudumu huanza juu

Hapa lazima tuingie kidogo nyuma ya kaunta. Pesa benki inayokukopesha kwa miaka 15 haikuwekwa pale kwa miaka 15. Nyingi ni amana za wateja. Zingine mwenyewe anaweza kuzitoa leo, zingine ziko kwenye akaunti maalumu za miezi mitatu, sita au kumi na mbili. Muda ukiisha, mwenye amana anauliza, "Sasa mnanipa riba gani?" Kama riba sokoni imepanda, benki italazimika kumlipa zaidi, la sivyo atahamisha pesa zake.

Sasa fikiria benki iliyomwahidi nesi asilimia 13.5 kwa miaka 15. Amana zikianza kuigharimu zaidi, kwa nesi haiwezi kupandisha chochote. Hasara ni yake. Kwa hiyo inatoza riba ya juu kidogo tangu mwanzo, kama vile kampuni ya bima inavyotoza kabla gari halijagongwa.

Hatari hii kwa mkopeshaji ni ya kweli kabisa. Marekani, ambako mikopo ya nyumba ya miaka 30 kwa riba ya kudumu ni jambo la kawaida, vyama vingi vya akiba na mikopo vilivyokuwa vimekopesha kwa riba ya chini viliumia vibaya riba ilipopaa mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walikuwa wanalipa wenye amana zaidi ya walichokuwa wanapokea kutoka kwa wenye nyumba, na vingi vilifilisika katika miaka iliyofuata.

Ndiyo maana benki zetu huona uzito kuahidi riba ya kudumu kwa muda mrefu. Njia mojawapo ya kuwapa moyo ni kuwapatia pesa zenye umri sawa na mkopo. Hiyo ndiyo kazi ya KMRC, kampuni iliyoanzishwa 2018 na kupewa leseni na Benki Kuu 2020. Yenyewe haimkopeshi mwananchi. Huzikopesha benki na Sacco pesa za muda mrefu kwa riba isiyopanda, nazo zikakopesha wenye nyumba kwa njia hiyo hiyo. Ukienda kutafuta riba ya kudumu, ni vizuri kuuliza kama mkopo huo unatokana na pesa za KMRC, kwa sababu mikopo ya aina hiyo ina viwango vyake vya juu vya kukopa na masharti yake.

Kwa ufupi, mtu wa kubeba hatari ya riba hakosekani. Kwenye riba inayobadilika ni mkopaji. Kwenye riba ya kudumu ni mkopeshaji, au yule aliye nyuma yake, na mkopaji anamlipa kwa kazi hiyo.

Miezi 26 baadaye

Turudi kwa mpishi. Miezi mitano ya kwanza mambo yalikuwa shwari. Mwishoni mwa Mei 2022 Benki Kuu ilipandisha CBR hadi 7.5. Septemba ikawa 8.25, Novemba 8.75. Machi 2023 ikafika 9.5, Juni 10.5. Desemba 2023 iliruka pointi mbili kwa mpigo hadi 12.5, na Februari 2024 ikasimama kwenye 13. Bei za vitu zilikuwa zimepanda na shilingi ilikuwa imedhoofika sana mbele ya dola. Kupandisha riba ndiyo silaha ambayo Benki Kuu huitumia kwa mambo hayo.

Kila hatua ilifika kwa mpishi kama barua na rejesho jipya. Tumechukulia kwamba kila ongezeko lilianza kufanya kazi mwezi mmoja au miwili baada ya tangazo.

Julai 2022 alilipa Sh36,958.
Januari 2023 alilipa Sh39,345.
Agosti 2023 alilipa Sh42,703.
Februari 2024 alilipa Sh46,569.
Aprili 2024 alilipa Sh47,548.

Angalia mambo mawili hapo. La kwanza ni kwamba kwa miezi 11 ya mwanzo mpishi alikuwa analipa chini ya nesi, kama alivyojivunia. Alimpita Januari 2023, na kuanzia hapo pengo likaendelea kupanuka. Aprili 2024 alikuwa anatoa Sh8,598 zaidi ya jirani yake kila mwezi.

La pili ni kalenda. Riba ilifika kileleni Aprili. Aliyefanya kazi Diani anajua Aprili ni mwezi gani. Pasaka ikishapita wageni wanapungua, mvua ndefu zinaanza, hoteli nyingine zinapunguza vibarua na saa za kazi. Ziada za mpishi, kama sherehe za harusi na bakshishi, zinakauka hadi Julai. Yaani rejesho lilikuwa kubwa kuliko wakati wowote katika msimu ambao mfuko ulikuwa mwembamba kuliko wakati wowote. Benki Kuu haipangi riba kwa kuangalia msimu wa Diani. Anayebeba hatari ya riba hawezi kuchagua mwezi wa kuibeba.

Kufikia mwisho wa Machi 2024 mpishi alikuwa amelipa marejesho 26, jumla Sh1,033,700 hivi. Deni lake lilikuwa limepungua kwa Sh150,000 tu, likabaki kama Sh2,850,000. Nesi alikuwa amelipa Sh1,012,700 na deni lake limefika Sh2,844,000. Kwa jumla hawakuwa wameachana sana. Tofauti yao kubwa ilikuwa ni kwamba mmoja alijua rejesho la mwezi ujao na la mwaka ujao, na mwenzake hakujua.

Pale rejesho halipandi lakini deni linapanda

Kuna wakopeshaji ambao, riba ikipanda, hawagusi rejesho la mwezi. Wanakuambia endelea kulipa kile kile, muda wa mkopo ndio utakaorefuka. Inasikika kama huruma, na kwa ongezeko dogo inaweza kuwa msaada. Lakini lazima uelewe kinachoendelea ndani.

Kila rejesho lina sehemu mbili. Kwanza linalipa riba ya mwezi huo, kisha kinachobaki ndicho kinapunguza deni. Rejesho la kwanza la mpishi lilikuwa Sh36,005. Riba ya mwezi huo ilikuwa Sh30,000, kwa hiyo deni lilipungua kwa Sh6,005 tu. Hiyo nafasi ya elfu sita ndiyo yote aliyokuwa nayo.

Tuseme mpishi angeachwa aendelee na Sh36,005 muda wote. Riba ilipofika asilimia 14.5, katikati ya 2023, riba ya mwezi ingekuwa kama Sh35,400, na deni lingepungua kwa Sh600 hivi. Ilipopita hapo, rejesho lote lingemezwa na riba na bado lisingetosha. Kwenye asilimia 18, riba ya mwezi mmoja ingekuwa zaidi ya Sh44,300. Yeye angelipa Sh36,005 bila kukosa, kila mwezi, kwa uaminifu, na deni lake lingekuwa linakua kwa zaidi ya Sh8,300 kila mwezi.

Utajuaje kama hili linakutokea? Usiangalie ujumbe wa malipo, kwa sababu wenyewe unasema tu pesa zimefika. Omba taarifa ya mkopo kutoka kwa mkopeshaji kila baada ya miezi mitatu na uangalie salio la deni. Kama umelipa miezi mitatu na salio halijashuka, au limepanda, nenda ukaulize siku hiyo hiyo.

Malipo ya moja kwa moja yana mtego wake

Hili linatuhusu sisi tunaotumia simu. Watu wengi huweka agizo la malipo: kila tarehe 5 simu au akaunti itume Sh36,005 kwa benki. Ni njia nzuri ya kutosahau. Lakini agizo hilo halijui riba imepanda.

Julai 2022 rejesho la mpishi lilipanda hadi Sh36,958. Kama agizo lake lilibaki lile la zamani, alipungukiwa Sh953. Kiasi kidogo, hakuna anayepiga simu kwa sababu yake. Lakini baada ya miezi minne anadaiwa Sh3,812, bado hujahesabu faini ya kuchelewa. Novemba pengo linakuwa Sh2,382 kila mwezi. Mtu anaweza kuwa na jumbe za uthibitisho za mwaka mzima kwenye simu yake na bado awe kwenye orodha ya wanaochelewa kulipa.

Kama mkopo wako ni wa riba inayobadilika, kila ukipokea barua au ujumbe wa riba mpya, fanya mambo mawili kabla ya tarehe ya kulipa: thibitisha rejesho jipya, kisha badilisha agizo. Na kama umebadilisha laini au anwani, mjulishe mkopeshaji. Barua iliyokwenda kwenye sanduku la posta la zamani inaweza kuhesabika kuwa imekufikia.

Sheria inasema nini

Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 84, inahusu jambo hili hasa. Pale mkataba wa rehani unaposema riba inabadilika, mkopeshaji anaweza kuipandisha au kuishusha, lakini lazima akupe notisi ya maandishi ya angalau siku 30, na notisi hiyo iseme riba mpya kwa lugha inayoeleweka. Kwa hiyo ukishtukia rejesho limepanda bila notisi, una haki ya kuuliza notisi ilitumwa lini na kwa njia gani.

Siku 30 hizo zitumie. Hazizuii riba kupanda, lakini ni muda wa kwenda kuzungumza kuhusu kurefusha muda au kupanga upya mkopo ukiwa bado hujachelewa hata mwezi mmoja. Mazungumzo huwa tofauti kabisa ukienda baada ya kukosa marejesho matatu.

Mambo yakiharibika, sheria hiyo hiyo inampa mkopaji hatua kabla ya nyumba kuuzwa. Kifungu cha 90 kinataka notisi ya kukosa kulipa inayompa angalau miezi mitatu ya kurekebisha, kisha kifungu cha 96 kinataka notisi nyingine ya kuuza, ya angalau siku 40. Hapo ndipo hatari ya riba inapoonyesha sura yake ya mwisho. Mkopaji aliibeba kwenye mkataba, na alipochoka kuibeba, kinacholipa ni nyumba.

Na riba ikishuka?

Tusimwonee mpishi. Riba inayobadilika hubadilika pande zote mbili. Kuanzia Agosti 2024 Benki Kuu ilianza kuteremsha CBR, hatua kwa hatua, hadi asilimia 9 Desemba 2025. Kama mkataba wake ungeendelea kufuata CBR, mwanzoni mwa 2026 riba yake ingekuwa 14 na rejesho kama Sh40,300. Afueni kubwa kutoka Sh47,548, ingawa bado juu ya Sh38,950 za nesi. Kufikia Desemba 2025 mpishi angekuwa ametoa karibu Sh132,000 zaidi ya jirani yake kwa jumla.

Lakini kuna miaka ambayo nesi ndiye angelia. Mwaka 2011 CBR ilimaliza Januari ikiwa 5.75, na Desemba ilikuwa 18. Mtu aliyeogopa na kujifunga kwa riba ya kudumu mwezi ule wa Desemba alijifunga kileleni, kwa sababu kufikia Mei 2013 CBR ilikuwa imerudi 8.5. Wenye riba inayobadilika walipata nafasi ya kushuka, na yeye alibaki pale pale.

Kwa hiyo riba ya kudumu haimaanishi riba nafuu. Maana yake ni kwamba umefunga mlango, joto na baridi vyote vimebaki nje. Kabla ya kuufunga, uliza kama ukitaka kulipa deni lote mapema au kuhamia benki nyingine utatozwa ada, na kiasi gani. Ada hiyo ndiyo bei ya kufungua mlango tena.

Kitu kingine cha kuangalia ni kwamba riba hupanda na kushuka kwa mwendo tofauti. Mpishi wetu alikuwa na mkataba uliofungwa kwenye CBR moja kwa moja. Kwa miaka mingi mikataba mingi ya Kenya ilitumia kiwango cha msingi kinachopangwa na benki yenyewe, na hicho kinaweza kupanda haraka na kushuka polepole. Ili kurekebisha hilo, Benki Kuu imeweka utaratibu mpya: mikopo mipya ya riba inayobadilika, kuanzia 1 Desemba 2025, hupimwa kwa KESONIA, ambayo ni wastani wa riba ambayo benki hukopeshana shilingi kwa usiku mmoja, kisha benki inaongeza pointi zake zinazoitwa K. Mikopo ya zamani ilipewa hadi 28 Februari 2026 kuhamia huko. Mikopo ya riba ya kudumu haiguswi. Kama una mkopo wa zamani, uliza K yako ni ngapi. KESONIA ni moja kwa kila mtu, lakini K inategemea benki na wewe mwenyewe.

Wanaokwepa riba kabisa

Kwale kuna wengi wanaotafuta nyumba kupitia benki za Kiislamu au madirisha ya Kiislamu ya benki nyingine. Hapa hakuna riba, lakini swali letu la nani anabeba hatari bado lipo, na jibu hutegemea aina ya mkataba.

Kwenye murabaha benki hununua mali, kisha inakuuzia kwa bei iliyotajwa pamoja na faida yake, nawe unalipa kidogo kidogo. Bei ikishakubaliwa haiongezwi, hata soko likichafuka. Kwa upande wa hatari, inafanana na nesi. Kwenye musharaka inayopungua, wewe na benki mnamiliki nyumba pamoja, unanunua sehemu yake taratibu na kulipa kodi kwa sehemu ambayo bado ni ya benki. Kodi hiyo inaweza kupitiwa upya kila baada ya muda fulani. Ikipitiwa kwa kufuata soko, unaweza kujikuta karibu na mpishi. Uliza kodi hupitiwa lini na kwa kigezo gani.

Maswali ya kumuuliza afisa wa mikopo

Neno "ya kudumu" lisikulaze. Mazungumzo huwa hivi:

"Dada, hii riba yenu ni ya kudumu?"
"Ndiyo kaka, ni ya kudumu."
"Kwa miaka yote 15?"
"Hapana, miaka miwili ya kwanza. Baada ya hapo inafuata soko."

Huo si mkopo wa riba ya kudumu. Ni mkopo wa riba inayobadilika uliochelewa kuanza kubadilika. Basi uliza haya, na kila jibu uonyeshwe lilipo kwenye mkataba:

1. Riba hii haibadiliki kwa muda gani, na baada ya hapo inafuata nini?
2. Kuna kifungu kinachoipa benki haki ya kubadilisha riba kwa uamuzi wake wenyewe? Kama kipo, ile ya kudumu si ya kudumu.
3. Riba ikipanda, kinachobadilika ni rejesho au ni muda?
4. Kulipa mapema au kuhama kunatozwa kiasi gani?

Pima kabla ya kusaini

Kwa mkopo wa miaka 15, kila pointi moja ya riba huongeza rejesho kwa kati ya Sh650 na Sh720 kwa kila milioni uliyokopa. Tumia 700. Milioni tatu mara 700 ni Sh2,100 kwa kila pointi. CBR ilipanda pointi 6 kati ya 2022 na 2024, kwa hiyo jipime na pointi 6: ni Sh12,600 juu ya rejesho la kwanza. Kwa mpishi hiyo ingekuwa Sh48,600, si mbali na kilichotokea.

Ukitaka hesabu kamili, fungua karatasi ya hesabu kwenye simu yako, kama Google Sheets, uandike hivi, ukibadilisha riba, miezi na mkopo:

```
=PMT(0.12/12,180,-3000000)
```

Hiyo inatoa 36,005. Weka 0.18 mahali pa 0.12, uone mwenyewe. Programu nyingine hutaka nukta mkato badala ya koma.

Kisha chukua namba hiyo kubwa na uilinganishe na mwezi wako mbaya. Mwezi mzuri haukupi jibu. Kama unafanya kazi hotelini, chukua Mei. Kama unauza duka Ukunda, chukua mwezi ambao wateja walipotea. Kwenye rekodi ya miamala ya simu yako unaweza kuona kilichoingia kila mwezi mwaka uliopita, kwa hiyo huhitaji kukisia.

Kama mwezi huo mbaya unaweza kubeba rejesho kubwa na bado mkala, riba inayobadilika unaimudu, na huenda ikakupa nafuu soko likishuka. Kama hauwezi, basi ile elfu tatu ya ziada ambayo mpishi aliicheka ndiyo inayolinda hatimiliki yako. Na kama hata rejesho la riba ya kudumu linakubana mwezi wa Mei, kopa kidogo zaidi, anza na vyumba viwili, na vingine vijengwe taratibu.